Uteuzi wa Maneno ya Kiswahili kwa Mchezo wa Kitanzi: Urefu, Uadimu wa Herufi na Viwango Vitatu vya Ugumu

Ikisiri

Mchezo wa kubahatisha neno herufi kwa herufi, ambao kila kosa huongeza kiungo kimoja katika mchoro wa mtu anayenyongwa, hutumiwa mara nyingi katika ufundishaji wa tahajia na msamiati. Kwa kawaida maneno yake hupangwa katika viwango vitatu kwa kuangalia urefu: mafupi huwa rahisi na marefu huwa magumu. Makala haya yanaonesha kwamba kwa maneno ya Kiswahili kanuni hiyo mara nyingi huleta matokeo yaliyopinduka. Kwa kutumia orodha ya maneno 30, makala yanafafanua namna ya kupima uadimu wa herufi, namna ya kuunganisha uadimu na urefu katika kipimo kimoja, mahali ambapo kipimo hicho hudanganya, na marekebisho yanayohitajika. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa neno hautokani na idadi ya herufi zake, bali na idadi ya maneno mengine yanayofanana nalo wakati herufi za kawaida zimekwisha kutajwa.

1.0 Utangulizi

Katika makala haya mchezo huo utaitwa mchezo wa kitanzi. Mtunzi wa swali huchora vistari, kimoja kwa kila herufi ya neno alilolificha. Mchezaji hutaja herufi moja moja. Herufi ikiwamo, huandikwa mahali pote inapotokea. Isipokuwamo, kiungo kimoja huchorwa: kichwa, kiwiliwili, mikono miwili na miguu miwili. Kosa la sita humaliza mchezo. Kanuni mbili kati ya hizi ndizo zinazobeba mjadala unaofuata. Kwanza, herufi inayojirudia hufichuliwa yote kwa pamoja. Pili, makosa yanayoruhusiwa hayabadiliki hata neno likiwa refu kiasi gani.

Mwalimu anayepanga viwango vitatu hutarajia kwamba mwanafunzi akishindwa katika kiwango rahisi, msamiati wake una upungufu. Tarajio hilo lina mantiki pale tu ambapo kiwango chenyewe kimepangwa sawasawa. Ikiwa neno *joho* limewekwa katika kiwango rahisi kwa sababu lina herufi nne, na *mwanamapinduzi* limewekwa katika kiwango kigumu kwa sababu lina herufi 14, basi mwanafunzi anayelifahamu vyema neno *joho* atanyongwa, na mwenzake atalipata *mwanamapinduzi* bila kosa hata moja. Alama zitakazoandikwa hapo zitapima hesabu ya herufi, na mwalimu atazisoma kama kipimo cha lugha. Kwa hiyo swali la namna ya kupanga viwango ni swali la uhalali wa kipimo, ingawa chombo chenyewe ni mchezo.

2.0 Urefu wa neno na idadi ya herufi tofauti

Dhana kwamba neno refu ni gumu inatokana na uzoefu wa kusoma na kuandika. Neno refu huchukua muda zaidi kulisoma, na nafasi za kukosea tahajia yake ni nyingi zaidi. Katika mchezo wa kitanzi mambo ni kinyume. Mchezaji hajengi neno kutoka mwanzo hadi mwisho. Anachagua herufi kutoka katika alfabeti. Kiswahili sanifu hutumia herufi 24 za Kirumi, kwa kuwa *q* na *x* hazitumiki na *c* hutumika ndani ya *ch* tu. Neno lenye herufi tofauti tisa huacha herufi 15 za kukosea. Lenye herufi tofauti tatu huacha 21. Kadiri neno linavyobeba herufi tofauti nyingi, ndivyo uwezekano wa kukosea unavyopungua.

Hivyo, kinachopaswa kuhesabiwa ni herufi tofauti, si vistari. Tofauti hiyo ni kubwa katika Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni muundo wa silabi. Silabi nyingi za Kiswahili ni wazi, yaani huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Neno lenye silabi nne au tano kwa kawaida hurudia baadhi ya irabu, na mara nyingi hurudia *a*. Sababu ya pili ni uradidi. Neno *vuguvugu* lina herufi nane, lakini herufi tofauti ni tatu: *v*, *u* na *g*. Neno *fofofo*, la mtu aliyelala usingizi mzito, lina herufi sita na mbili tu zilizo tofauti. *Kizunguzungu* lina herufi 12, na tofauti ni sita, sawa na *kitabu*, ambalo ni nusu yake kwa urefu.

Kutokana na hayo, urefu unaohesabiwa kwa vistari huchanganya aina mbili za maneno. Kuna maneno marefu yenye herufi nyingi tofauti, kama *mwanamapinduzi*, ambayo hufunguka upesi. Kuna pia maneno marefu ya uradidi, ambayo kwa mchezaji ni maneno mafupi yaliyoandikwa mara mbili. Kuyaweka katika kundi moja ni kosa la kwanza la orodha nyingi.

3.0 Kupima uadimu wa herufi

Uadimu wa herufi haujulikani kwa hisia, wala hauwezi kuazimwa kutoka lugha nyingine. Mpangilio unaojulikana sana wa Kiingereza, unaoanza na *e*, *t* na *a*, haufai hapa: katika Kiswahili *a* huongoza kwa mbali, na *k*, ambayo kwa Kiingereza ni herufi ya nyuma, huwa miongoni mwa zile za mbele. Kwa hiyo hesabu lazima ifanywe upya. Zipo njia mbili za kuifanya, na hazileti jibu moja.

Njia ya kwanza ni kuhesabu herufi katika matini inayoendelea. Udhaifu wake unaonekana katika sentensi fupi: *Barua ya mwalimu ya jana iko juu ya meza ya baba.* Herufi *y* imetokea mara nne, na zote nne zimo katika kihusishi *ya*. Hakuna neno jingine katika sentensi hiyo lenye *y*. Matini ya Kiswahili hujaa maneno kama *ya*, *wa*, *kwa* na *na*, ambayo hurudiwa kila mara na ambayo kamwe hayawekwi katika mchezo wa kitanzi. Hesabu ya matini basi huipandisha *y* na *w* juu ya nafasi zinazostahili katika maneno yatakayochezwa.

Njia ya pili ni kuhesabu katika orodha ya vidahizo, kila neno likihesabiwa mara moja. Hii ndiyo njia inayofaa, kwa sharti moja zaidi: kinachohesabiwa kisiwe mara ambazo herufi imetokea, bali idadi ya maneno ambayo herufi imo. Sababu ni ile kanuni ya mchezo iliyotajwa mwanzoni. Mchezaji akitaja *a*, neno *mahakama* humfunulia *a* nne kwa mkupuo mmoja, lakini kwake hilo ni jibu sahihi moja tu. Uwezekano wa kupatia hutegemea kama herufi imo au haimo.

Ili hatua zionekane, chukua orodha hii ya maneno 30, iliyochanganywa makusudi kwa urefu na kwa aina:

paka, pata, zeze, joho, chai, meza, mto, ndizi, kiti, samaki, kitabu, mwalimu, nyumba, barua, shamba, safari, mlango, kalenda, rafiki, vuguvugu, fofofo, ugonjwa, kizunguzungu, ghadhabu, upepo, mwanamapinduzi, maendeleo, kisima, tembo, lugha.

Tukihesabu ni maneno mangapi yana kila herufi, matokeo ni haya: *a* imo katika maneno 20, *i*, *m* na *u* kila moja katika 11, *k*, *n* na *o* katika manane, *b*, *e* na *g* katika sita, *d*, *h*, *l*, *t* na *z* katika matano, *p* na *s* katika manne, *f*, *r* na *w* katika matatu, *j* katika mawili, na *c*, *v* na *y* kila moja katika neno moja. Zinapolingana, hapa hufuatwa mpangilio wa alfabeti. Kwa hiyo *a* ina nafasi ya 1, *i* ya 2, *m* ya 3, *u* ya 4, na kuendelea hadi *y* yenye nafasi ya 24.

Orodha hii ni ya kuonesha njia tu. Maneno 30 hayatoshi kuamua kama *z* kweli ni sawa na *t*, na nafasi za herufi tatu za mwisho zimetokana na alfabeti peke yake. Anayeandaa orodha ya kutumika darasani anapaswa kufanya hesabu hiyohiyo katika vidahizo elfu kadhaa, na sare zitapungua zenyewe.

4.0 Kuunganisha urefu na uadimu

Baada ya kupata mpangilio wa herufi, wengi hukokotoa wastani wa uadimu wa herufi za neno. Wastani hauelezi kinachotokea mchezoni. Neno halijakamilika hadi herufi yake ya mwisho ipatikane, na herufi ya mwisho kupatikana kwa kawaida ni ile iliyo adimu kuliko zote. Herufi nne za kawaida haziwezi kuifidia *j* moja.

Kipimo kinachofaa hupatikana kwa kumfikiria mchezaji asiyejua lolote ila mpangilio wa herufi. Anazitaja kwa zamu, kuanzia *a*, hadi neno likamilike. Atakapofika kwenye herufi adimu kuliko zote za neno hilo, atakuwa ametaja herufi zote zilizotangulia. Kati ya hizo, zilizomo katika neno ni sahihi na zilizobaki ni makosa. Kwa hiyo:

M = N − T

ambapo M ni idadi ya makosa, N ni nafasi ya herufi adimu kuliko zote katika neno, na T ni idadi ya herufi tofauti. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba urefu na uadimu vimo ndani yake kwa namna ambavyo mchezo wenyewe unavihitaji: uadimu huongeza ugumu kupitia herufi moja tu, na urefu huupunguza kupitia herufi tofauti.

Kwa *joho*, herufi adimu ni *j*, nafasi ya 21, na herufi tofauti ni tatu; M ni 18. Kwa *maendeleo*, herufi adimu ni *l*, nafasi ya 13, na herufi tofauti ni saba. M ni 6. Neno la herufi nne limepata mara tatu ya makosa ya neno la herufi tisa. Kwa *paka* na *pata*, *p* ina nafasi ya 16 na tofauti ni tatu, basi M ni 13 kwa kila moja. *Vuguvugu* linafika 20, na hakuna linalolizidi katika orodha nzima.

Maneno yote 30 yakipimwa hivi, M huanzia 6 na kuishia 20, na orodha hujigawa mara tatu bila kulazimishwa. Maneno manane yana M ya 6 hadi 9: *ghadhabu, maendeleo, mlango, kalenda, kitabu, lugha, kizunguzungu* na *tembo*. Kumi na mawili yana M ya 11 hadi 13, nayo ni pamoja na *meza, kiti, samaki* na *paka*. Kumi yaliyobaki yana 14 na zaidi. Mtafiti angeweza kuishia hapo na kuyaita makundi hayo rahisi, wastani na gumu. Hata hivyo, kundi la mwisho lina jambo la kutia shaka: ndani yake, pamoja na *joho* na *vuguvugu*, wamo *mwalimu*, *chai* na *nyumba*.

5.0 Mahali ambapo kipimo hudanganya: majirani wa neno

Mchezaji wa M hajui Kiswahili. Hutaja herufi kama mashine hadi kistari cha mwisho kijae. Mchezaji halisi husimama mapema zaidi, pale anapolitambua neno. Kwa *mwalimu*, herufi nne za mwanzo za mpangilio, *a*, *i*, *m* na *u*, zote zimo, na ubao unaonesha *m_a_imu*. Hakuna kosa lililofanyika, wala hakuna maneno mengi ya kawaida yanayoingia katika vistari hivyo. Makosa 14 yanayodaiwa na kanuni hayatafanyika kamwe, kwa kuwa *l* na *w* hazitafutwi, zinajulikana.

Kinyume chake ni *pata*. Baada ya *a*, ubao unaonesha *_a_a*. Mchezaji anataja *i*, *m*, *u*, *k*, *n* na *o*, na kwa *o* kitanzi kimekamilika. Hata angekuwa na makosa zaidi, vistari vile viwili vinapokea *bata, dawa, data, hata, raha, saba, sala* na mengi mengineyo. Msamiati mpana haumsaidii hapa. Unamwongezea maneno ya kuchagua.

Maneno yanayobaki kuwa yanawezekana kwa vistari na herufi zilizokwisha kuonekana yaitwe majirani wa neno. Muundo wa silabi wazi huyafanya maneno ya herufi nne yenye konsonanti na irabu kupokezana kuwa na majirani wengi kupita kiasi, kwa sababu kila kistari cha konsonanti hupokea karibu konsonanti yoyote. Neno refu lina vizuizi zaidi: nazali, viambishi vya ngeli na mifuatano kama *mw* na *nd* hupunguza yanayowezekana haraka.

Kwa hiyo kanuni inahitaji kituo cha kusimamia. Fuata mpangilio uleule wa herufi, lakini usimame pale ambapo majirani hawazidi makosa yaliyobaki kabla ya kosa la sita. Kuanzia hapo mchezaji anayeyajua maneno hayo hawezi kunyongwa, kwa kuwa hata akiwajaribu jirani mmoja baada ya mwingine, atafika kwenye lililo sahihi kabla ya mchoro kukamilika. Idadi ya makosa yaliyofanyika hadi kituo hicho iitwe U, yaani makosa ya utambuzi. Pale ambapo kosa la sita linafika kabla ya kituo, U ni 6.

Chukua *rafiki*. Herufi *a* na *i* zinapatikana, *m* na *u* zinakosekana, *k* inapatikana. Ubao unaonesha *_a_iki* kwa makosa mawili. Majirani wa kawaida ni manne: *rafiki, fariki, bariki* na *sadiki*. Makosa yaliyobaki ni manne pia, basi mchezaji amefika kituoni na U ni 2. Mjuzi wa lugha atafanya vizuri zaidi: atataja *r*, ambayo ikikaa mwanzo humpa *rafiki*, ikikaa kistari cha tatu humwachia *fariki* na *bariki*, na isipokuwamo humpa *sadiki*. Kwa *nyumba*, herufi nne za mwanzo huleta *__um_a* kwa kosa moja, na majirani ni *nyumba* na *chumba*. U ni 1. Kwa *chai*, herufi mbili za mwanzo huleta *__ai* bila kosa, na jirani wa kawaida ni *uhai*. U ni 0, ingawa M ilikuwa 18. Herufi *c* ni adimu kweli, lakini katika Kiswahili haiji bila *h*, na uadimu wa aina hiyo humsaidia mchezaji.

Jedwali lifuatalo linalinganisha vipimo kwa maneno 11 ya orodha.

| Neno | Herufi | T | M | U |
|---|---|---|---|---|
| chai | 4 | 4 | 18 | 0 |
| mwalimu | 7 | 6 | 14 | 0 |
| mwanamapinduzi | 14 | 9 | 11 | 0 |
| kitabu | 6 | 6 | 8 | 1 |
| nyumba | 6 | 6 | 18 | 1 |
| rafiki | 6 | 5 | 14 | 2 |
| maendeleo | 9 | 7 | 6 | 3 |
| paka | 4 | 3 | 13 | 6 |
| pata | 4 | 3 | 13 | 6 |
| joho | 4 | 3 | 18 | 6 |
| vuguvugu | 8 | 3 | 20 | 6 |

Viwango vitatu sasa vinaweza kuwekwa kwa U: 0 na 1 ni rahisi, 2 na 3 ni wastani, 4 na zaidi ni gumu. *Maendeleo* limepanda kutoka rahisi hadi wastani, kwa sababu halina *i*, *u* wala *k*, na mchezaji hulipia herufi hizo tatu kabla ya kuona umbo la neno. *Paka*, ambalo ni miongoni mwa maneno ya kwanza ya mtoto, ni gumu: *_aka* huonekana baada ya makosa matatu, na wakati huo *taka, waka, saka, daka* na *zaka* yote bado yanawezekana. Safu ya T nayo inastahili kuangaliwa. Maneno manne yaliyoshindikana yote yana herufi tofauti tatu, na hakuna jingine katika jedwali lenye tatu. Asiye na muda wa kutafuta majirani anaweza kutumia T kama kichujio cha awali: neno lenye herufi tofauti tatu au pungufu lisiingie kamwe katika kiwango rahisi.

Pingamizi moja linahitaji kujibiwa. Mchezaji halisi hafuati mpangilio mmoja bila kutazama ubao. Akiona *_u_u_u_u*, hatataja *o*, kwa kuwa nafasi zote za irabu zimejaa. Vilevile, wengi hutaja irabu kwanza. Kipimo kinaweza kurekebishwa kwa kutanguliza *a, i, u, o, e*, na kuendelea na konsonanti mara irabu zinapojaa. Mabadiliko hayo hayaliokoi *joho*. Irabu tatu zinakosekana, *o* inaleta *_o_o*, na makosa yaliyobaki ni matatu dhidi ya *roho, soko, somo, moto, domo, kopo* na *popo*. *Pata* nalo hubaki palepale. Mpangilio wa herufi ukibadilika, U ya maneno ya katikati husogea kwa kosa moja au mawili. Kundi la maneno magumu halisogei kwa urahisi.

6.0 Usafi wa orodha kabla ya kupima

Vipimo hivi hutoa matokeo mabaya endapo orodha haikusafishwa. Jambo la kwanza ni umbo la vitenzi. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, iliyotolewa mara ya kwanza na TUKI mwaka 1981, huviingiza vitenzi kwa shina pamoja na irabu ya mwisho, bila *ku-*. Mtunzi akiandika *kupika*, *kulima* na *kusoma*, wachezaji watagundua baada ya raundi chache kwamba *k*, *u* na *a* ni za bure, na vitenzi vyote vitashuka kiwango kwa pamoja. Nomino nazo ziwe katika umoja, la sivyo *vi-*, *mi-* na *wa-* zitafanya kazi hiyohiyo.

Jambo la pili ni herufi mwambatano. Swali kama *ch*, *sh*, *dh* na *ny* zipewe kistari kimoja au viwili halina jibu la kifonolojia peke yake. Kwa sauti, *ghadhabu* lina sehemu sita. Kwa maandishi lina herufi nane. Kwa kuwa mchezo unafunza tahajia, kistari kwa kila herufi ndio uamuzi unaoeleweka, mradi hesabu ya nafasi za herufi ifanywe kwa kipimo hichohicho. Kinachoharibu ni kuhesabu kwa sauti na kucheza kwa herufi. *Ng'* ina tatizo la ziada: kibainishi kikioneshwa tangu mwanzo, *n* na *g* zimetajwa tayari, kikifichwa, mchezaji hana namna ya kukitaja. Maneno ya aina ya *ng'ombe* yafaa kiwango rahisi au yaachwe.

Jambo la tatu ni maneno yenye tahajia mbili zinazotumika, kama *asante* na *ahsante*. Mchezaji anayehesabu vistari kwa tahajia aliyoizoea atalikataa jibu sahihi, na kosa lake halitakuwa la msamiati. La nne ni ufahamu wa neno lenyewe. Ugumu unaotokana na kutolijua neno usichanganywe na ugumu wa herufi. Orodha nzima ichujwe kwanza kwa maneno ambayo kundi husika linayajua, na majirani watafutwe ndani ya msamiati huohuo. *Tariki* na *tabiki* ni majirani wa *rafiki* kwa msomaji wa mashairi. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawapo, na U yake haipaswi kuwahesabu.

7.0 Kuhakiki viwango kwa matokeo

Viwango vikishapangwa, vinaweza kuhakikiwa kwa kuandika jambo moja katika kila raundi iliyopotezwa: ubao ulionekanaje kosa la sita lilipofanyika. Ubao ukiwa *_a_a* au *_o_o*, mchezaji ameshindwa na majirani, na neno hilo linapaswa kupandishwa kiwango. Ubao ukiwa *m_a_imu*, neno lilikuwa limebaki peke yake na mchezaji hakuliona; hapo ndipo mwalimu ana haki ya kusema kwamba msamiati una upungufu. Matokeo haya mawili huandikwa kwa alama moja katika daftari, lakini maana zake hazifanani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba urefu na uadimu wa herufi ni vigezo halali vya kupangia maneno ya mchezo wa kitanzi, iwapo kila kimoja kitasomwa jinsi mchezo unavyokisoma. Urefu ni idadi ya herufi tofauti, nao hupunguza ugumu. Uadimu ni nafasi ya herufi moja iliyo adimu kuliko zote, ikihesabiwa kwa maneno ambamo imo, nao huongeza ugumu pale tu ambapo herufi hiyo haiwezi kukisiwa kutokana na jirani zake. Silabi wazi za Kiswahili huyajaza maneno ya herufi nne majirani, na ndiyo maana *paka* hushinda kwa ugumu *mwanamapinduzi*. Orodha iliyopangwa bila kulizingatia hilo humhukumu mwanafunzi kwa kosa la mpangaji.